Begi la kazini kwa mvua za Dodoma: kava, kitambaa chenye utando au mfuko wa kukunja mdomo?

Wauza mabegi wa Majengo wana jaribio lao moja. Ukiuliza kama begi linahimili mvua, muuzaji anachukua chupa ya maji, anamimina kidogo kwenye mfuko wa mbele, maji yanaserereka mpaka chini, kisha anakutazama: "Umeona mwenyewe, bosi." Hajakudanganya. Kitambaa cha mabegi mengi ya siku hizi kweli hakipitishi maji kirahisi. Ila hajamimina juu ya zipu. Hajamimina kwenye mshono unaoshika mkanda wa bega. Na hajamimina kwa nusu saa mfululizo. Mvua ya Dodoma itayafanya yote matatu jioni moja.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha kava la mvua, kitambaa chenye utando na ule mfuko wa kukunja mdomo ambao madukani wanauita draibegi, jiulize kwanza maji huingia wapi. Aina hizi tatu zinatofautiana hapo zaidi ya mahali pengine popote.

Mvua yetu ina tabia yake. Msimu ni mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata chini kidogo ya milimita 600. Ni kidogo ukilinganisha na Bukoba au Tukuyu, lakini haiji kwa manyunyu ya siku nzima. Inakuja kwa kishindo, mara nyingi mchana au jioni watu wakirudi nyumbani, inapiga kwa upepo, halafu inaacha. Kisha kuna miezi kama saba ya jua kali na vumbi jekundu. Ukinunua begi kwa kufikiria mvua tu, kumbuka kwamba muda mwingi litakuwa kwenye jua na vumbi.

Hesabu ndogo itasaidia. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Chukua begi la kawaida la ofisini ambalo sehemu yake ya juu ina sentimita 30 kwa 15. Hiyo ni mita za mraba 0.045. Ikishuka mvua ya milimita 20, kipande hicho cha juu peke yake kinapokea karibu lita moja ya maji. Na kipande hicho ndicho chenye zipu kuu. Hapo bado hujahesabu maji yanayotiririka kutoka kichwani na mabegani kwako, ambayo nayo yanatafuta njia ya kushuka.

Kava la mvua

Kava ni kitambaa chepesi cha nailoni au poliesta chenye lastiki pembeni. Unalivisha begi kwa nje, na ukimaliza unalikunja likaingia kwenye kimfuko kilicho chini ya begi. Ni rahisi kuliko njia nyingine zote, unaweza kulihamisha kutoka begi moja kwenda jingine, na likiwa la rangi kali linasaidia uonekane barabarani giza likiingia. Linazuia pia tope linalorushwa na tairi la nyuma la pikipiki, na kwa barabara za mitaani kwetu hilo si jambo dogo.

Udhaifu wake mkubwa uko upande usiouona ukiwa umelibeba. Kava halifuniki mgongo wa begi. Haliwezi, kwa sababu mikanda inatokea hapo. Maji yakishuka kutoka kwenye shingo yanapita kati ya mgongo wako na begi, yanakutana na sponji na kitambaa cha wavu, na sponji inanywa. Nyuma ya sponji hiyo, kwenye mabegi mengi ya kazini, ndipo ilipo nafasi ya laptopu. Unafika nyumbani, unavua kava, begi kwa nje ni kavu kabisa na unafurahi. Kisha unatoa laptopu na gamba lake lina unyevu.

La pili ni upepo. Ukitembea kwa miguu kava linatulia. Ukiwa kwenye bodaboda hewa inaingia chini ya lastiki, kava linavimba, na likishapata upenyo linavuka begi lote na kubaki limening'inia. Makava mazuri yana kamkanda kanakopita nyuma ya begi na kufungwa kwa klipu. Kama halina, fundi viatu anaweza kukushonea utepe wenye klipu, lakini ashone kwenye ukingo wa lastiki, asitoboe katikati ya kava.

La tatu ni dogo ila linakera: kava lenyewe likipata maji ndani, linayashika. Maji yaliyopitia mgongoni yanajikusanya chini na begi linakaa kwenye dimbwi lake lenyewe. Angalia kama chini kuna kitundu chenye pete ya chuma. Kile si urembo, ni cha kutolea maji.

Halafu kuna wewe mwenyewe. Kava linafanya kazi likiwa limevaliwa, na mvua ya kwetu haitoi muda mrefu wa kujiandaa. Watu wengi wanalivisha begi likiwa limeshalowa juu, na hapo wanaufungia unyevu ndani.

Kitambaa chenye utando

Hapa ndipo maneno ya kibiashara yanapochanganya watu. Begi la poliesta lililoandikwa 600D au 1680D linakuambia unene wa uzi, halikuambii lolote kuhusu maji. Linalozuia maji ni utando uliopakwa upande wa ndani, mara nyingi wa poliyurethani, ambao kwenye lebo huandikwa PU. Ukiligeuza begi ndani nje utauona: sehemu ya ndani inang'aa kidogo au ina ulaini wa mpira. Kule kuserereka kwa matone kwa nje ni dawa nyingine kabisa, na dawa hiyo inaisha kwa vumbi, msuguano na kufuliwa. Ikiisha, kitambaa cha nje kinalowa na kuwa kizito, lakini utando wa ndani bado unaweza kuwa unazuia.

Baadhi ya lebo zina namba kama 1500 au 3000, na wengine wanatangaza hadi 10,000. Namba hizo ni urefu wa maji, kwa milimita, ambao kitambaa kinaweza kuubeba juu yake kabla hakijaanza kuvuja. Je, unahitaji ngapi? Tupige hesabu. Begi la kilo 6 limewekwa kwenye sakafu iliyolowa ya daladala, na kitako chake ni mita za mraba 0.045 zile zile. Uzito huo ukisambaa sawasawa ni kama kilo 133 kwa mita ya mraba, yaani sawa na maji ya kimo cha milimita 133. Kitambaa cha 1500 kimeuzidi huo mzigo zaidi ya mara kumi.  Kwa hiyo kulipia zaidi ili upate 10,000 kwa begi la kwenda ofisini ni kulipia namba.

Kasoro inakuja kwenye sindano. Cherehani inayoshona mishono ya milimita 3 inaacha zaidi ya matundu 300 kwa kila mita ya mshono, na begi la kazini lina mishono ya mita kadhaa. Kila tundu limepitisha uzi, na uzi unavuta maji kutoka nje kwenda ndani polepole. Kitambaa kinaweza kuwa bora kuliko vyote sokoni, bado begi likavuja kwenye mshono. Ndiyo maana mabegi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mvua hasa yana utepe mwembamba wa plastiki uliobandikwa kwa moto juu ya kila mshono kwa ndani, au hayakushonwa kabisa, yameunganishwa kwa kuyeyushwa. Ingiza mkono, papasa kona za ndani. Ukikuta mshono uko wazi au umefunikwa kwa utepe wa kitambaa tu, begi hilo linahimili manyunyu. Mvua ya nusu saa haliiwezi.

Zipu nayo ina hadithi hiyo hiyo. Zile zenye ngozi nyembamba ya mpira juu ya meno zinachelewesha maji, hazizuii. Pale kishikizo cha zipu kinapoishia panabaki kitundu, na kikiwa juu kabisa ya begi maji yana mlango. Mimi napendelea zipu ya kawaida iliyofunikwa na ulimi mpana wa kitambaa kuliko zipu ya mpira iliyo wazi. Haivutii macho kama ile nyingine, lakini ulimi unaelekeza maji pembeni na haufi kwa vumbi. Vumbi letu likiingia kwenye zipu ya mpira, linakwaruza ile ngozi kila ukifungua na kufunga.

Hata hivyo, begi la namna hii lina faida ambayo nyingine hazina: huhitaji kukumbuka chochote. Mvua ikianza limeshajiandaa. Kwa dakika kumi za kwanza, na mara nyingi dakika kumi ndizo unazohitaji kufika kwenye kibaraza cha duka, linatosha.

Mfuko wa kukunja mdomo

Huu hauna zipu. Unaweka vitu, unakamua hewa, unakunja mdomo mara tatu au zaidi kuelekea upande mmoja, kisha unaunganisha klipu. Mishono yake imeyeyushwa au imefunikwa kwa utepe. Maji hayana pa kuingilia mpaka yapande mikunjo yote mitatu, na mvua haina nguvu hiyo.

Unapatikana kwa namna mbili, na ni muhimu usizichanganye. Kuna begi zima la mgongoni la kukunja mdomo, mara nyingi la turubai la PVC, gumu na zito. Halafu kuna kifuko chepesi cha nailoni unachokitumbukiza ndani ya begi lolote ulilonalo.

Begi zima linafaa kwa anayeendesha pikipiki au baiskeli kila siku. Kwa mtu wa ofisini lina kero. Mlango ni mmoja, juu, kila kitu kiko chini yake. Ukifika getini Mji wa Serikali ukatakiwa kuonyesha kitambulisho nacho kiko ndani, unafungua mikunjo yote mvua inanyesha, na faida yote imeishia hapo. Kile kimfuko cha zipu kilichoko nje, hata kwenye mabegi ya bei, mara nyingi hakina ulinzi kama wa ndani. Kiangazi turubai linapata moto na mgongo unatoka jasho. Kwa upande mwingine, Agosti vumbi linapovuma, hakuna begi linalolinda kompyuta vizuri kuliko hili, kwa sababu pasipopita maji vumbi nalo halipiti.

Kifuko cha ndani ndicho ninachokipigia debe. Kinaziba udhaifu wote tuliouona: mgongo ukilowa, zipu ikivuja, mshono ukivuta maji, yote yanaishia kwenye begi na hayafiki kwenye laptopu wala karatasi. Ukibadilisha begi unahama nacho. Na kwa kuwa kinakaa ndani, jua halikifikii wala miiba haikitoboi.

Ila pima kabla ya kununua, kwa sababu ukubwa wa lita unadanganya. Laptopu ya inchi 15.6 ina urefu wa karibu sentimita 37 na upana wa 25. Ukiiingiza wima, kifuko kikiwa kimelazwa bapa kinatakiwa kiwe na upana wa sentimita 32 hivi ili chaja na faili vipate nafasi. Urefu uwe 37 za laptopu, jumlisha sentimita 12 za mikunjo mitatu, na chache za kulegea, yaani kama 55. Vingi vinavyouzwa kwa watalii wa ufukweni ni vyembamba vyenye kitako cha duara, na laptopu inakataa kuingia hata kama lita zinaonekana nyingi. Kosa la kawaida jingine ni kukijaza mpaka mdomo ukakunjika mara moja tu. Mkunjo mmoja haufungi, unaficha tu.

Na kama kinazuia maji kuingia, kinazuia pia kutoka. Mwavuli uliolowa, taulo, au kontena la chakula lenye mvuke visiingie humo. Utafungua kesho yake ukute kioo cha laptopu kina umande.

Maji yakifuatwa njia nzima

Tuchukue mtumishi anayefanya kazi Mtumba na kuishi Nkuhungu. Saa kumi na moja jioni ya Januari, mgongoni ana laptopu, chaja, faili la barua na kontena la chakula. Anatembea hadi kituoni kama dakika sita wakati matone yanaanza. Katika hatua hii njia zote tatu zinafaulu, ingawa mwenye kava lazima asimame alitoe.

Anaingia kwenye daladala. Kondakta anaomba mabegi yashushwe, analiweka sakafuni palipojaa maji ya viatu. Begi lenye kava sasa liko salama kwa nje, ila mgongo wake ulio wazi umegusa miguu ya jirani iliyolowa. Begi la kitambaa chenye utando linakaa kwenye maji, utando unahimili, lakini mshono wa kitako unaanza kuvuta. Mwenye kifuko cha ndani hana wasiwasi.

Anashuka mjini, mvua sasa imekolea, anapanda bodaboda. Hapa ndipo matokeo yanapoamuliwa. Yeye amekaa nyuma ya dereva, begi liko mgongoni. Maji yanadondoka kutoka kwenye kofia ngumu, yanapita kwenye kola, yanashuka moja kwa moja kwenye upenyo kati ya mgongo na begi. Kava halihusiki hapo. Kitambaa chenye utando kinasaidia, lakini mishono ya mikanda ya bega iko hapo hapo juu na inapokea maji yote hayo. Kwa dakika kumi na tano za safari, faili lililoegemea mgongoni litakuwa limejikunja kona. Wengine hulihamishia begi mbele, kati yao na dereva. Ni akili nzuri, dereva anakuwa ukuta, lakini koti la dereva nalo linachuruzika.

Kwa mtu huyu ningesema hivi: begi la kawaida lenye kitambaa cha utando na ulimi juu ya zipu, kifuko cha kukunja mdomo ndani kwa laptopu na karatasi, na kontena la chakula libaki nje ya kifuko. Kava anaweza kuliacha. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu na begi tayari analo, anunue kifuko.

Mwanafunzi wa UDOM anayetembea kati ya kolegi na kolegi mlimani yuko tofauti kidogo. Upepo wa pale unaugeuza mwavuli, lakini yeye hapandi pikipiki na anafikia paa haraka. Kwake kava lenye klipu linatosha, mradi alivalishe begi kabla hajatoka mlangoni. Dereva wa bodaboda anayebeba simu, power benki na nyaraka za chombo siku nzima, huyo ndiye wa begi zima la turubai. Anayetembea na daftari na kitambulisho tu asijisumbue na yote haya.

Ukiwa mbele ya meza ya muuzaji

Jaribio la chupa mwachie yeye. Wewe bana kitambaa mdomoni upande wa nje na upulize kwa nguvu. Hewa ikipita, hakuna utando, au umeshakufa. Kisha geuza ndani uangalie mishono, na mwisho sukuma kishikizo cha zipu mpaka mwisho uone kinakaa wapi.

Kwa mabegi ya mtumba, kama yale ya mnadani Msalato, kuwa makini zaidi. Utando wa poliyurethani unaharibika kwa joto na unyevu hata kama begi halikutumika. Ukipitisha kiganja ndani kikanata, au ukaona vipande vyeupe kama ngozi inayobanduka, au pua ikapata harufu ya uchachu, utando umekwisha. Zipu na mikanda inaweza kuwa bora kuliko za begi jipya, kwa hiyo usiliache kwa sababu hiyo tu. Lipunguzie bei, kwangua mabaki yote ya utando, na kazi ya kuzuia maji ipe kifuko cha ndani.

Kifuko chenyewe kipime nyumbani. Kijaze hewa, kikunje, kifunge, kizamishe kwenye ndoo na ukiminye. Mapovu yakitoka kwenye mdomo, ongeza mkunjo mmoja. Yakitoka kwenye mshono au kona, kirudishe dukani. Begi zima jipime nalo bafuni: weka gazeti ndani, mwagia maji kwa kopo kwa dakika kumi, hasa mgongoni na kwenye mizizi ya mikanda, kisha ulitoe gazeti uone limelowa kona gani. Hapo ndipo utajua vitu vyako viegemee upande upi.

Zamani wengi tulifunga karatasi kwenye mfuko wa rambo tukamaliza. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, na hata hivyo ilikuwa ikichanika kwenye kona ya faili. Asiyeweza kununua kifuko sasa hivi anaweza kukata mfuko wa plastiki wa ndani wa gunia la kinga njaa lililokwisha kazi ya mahindi. Ni plastiki nene, inakunjika mara tatu na inabanwa na kibanio cha nguo. Ufute vumbi la nafaka kwanza.

Mvua ikiisha, kausha begi kivulini likiwa wazi na limeinamishwa, maji yatoke kwenye sponji ya mgongo. Usiliweke juu ya bati wala kulisahau ndani ya gari lililofungwa juani, kwa sababu joto la unyevu ndilo linaloumaliza utando mapema. Kifuko nacho kigeuze ndani nje, kikikauka usikikunje kwenye mistari ile ile kila mara. Utando huanza kupasuka kwenye mistari hiyo.